Kigunduzi Kikisema Insha ya Kiswahili Imeandikwa na Mashine: Kagua Vipande Kwanza

Mwalimu mmoja wa Kiswahili hapa Nairobi, upande wa Kayole, aliniletea insha ya mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Binti aliandika kuhusu nyanya yake anayeuza viazi katika soko la Marikiti. Mwalimu alikuwa ameipitisha kwenye vigunduzi viwili vya mtandaoni, vile vinavyodai kutambua maandishi ya akili unde. Cha kwanza kilisema insha ni ya binadamu bila shaka yoyote. Cha pili kilisema karibu yote imeandikwa na mashine. Insha ni ileile, hata nukta haikubadilishwa, na binti alikuwa tayari ameitwa ofisini kujieleza.

Majibu yote mawili yanaweza kutoka kwenye kasoro moja, na kasoro hiyo inaonekana ukijua pa kutazama. Mwongozo huu unahusu vigunduzi vinavyotegemea pepleksiti, yaani kipimo cha jinsi modeli ya lugha inavyoshangazwa na maandishi. Modeli hupita kwenye matini kipande kwa kipande, na kila mara hukisia kipande kitakachofuata. Ikikisia vizuri, mshangao ni mdogo. Vigunduzi vingi vya aina hii huchukulia kwamba mshangao mdogo ni dalili ya mashine na mshangao mkubwa ni dalili ya mtu, kisha huweka kizingiti mahali fulani katikati. Mara nyingi kizingiti hicho kimepimwa kwa maandishi ya Kiingereza.

Kabla ya dalili: vipande ni nini

Modeli haisomi maneno. Kuna programu inayoitangulia, ambayo hukata matini kuwa vipande vinavyoitwa tokeni. Programu hiyo hujifunza kukata kwa kuangalia mafungu ya herufi yanayojirudia sana kwenye maandishi iliyolishwa. Ile ya GPT-2, modeli ya mwaka 2019 ambayo bado hutumika sana katika majaribio ya ugunduzi, ina vipande 50,257 na ililelewa kwa maandishi ya wavuti ambayo karibu yote ni ya Kiingereza. Neno la kawaida la Kiingereza hupata kipande chake kizima. Neno la Kiswahili hukatwakatwa.

Tuchukue sentensi moja kutoka kwa insha ya binti:

*Nyanya aling'ang'ania kibanda chake pale Marikiti hata walipokuja kumng'oa.*

Hayo ni maneno tisa. Hata kabla GPT-2 haijaanza kutafuta vipande kwenye orodha yake, ina kanuni ya kutenganisha herufi na alama. Kwa kanuni hiyo, kibainishi cha *ng'* hakihesabiwi kuwa herufi, kwa hiyo neno hupasuliwa hapohapo. *Aling'ang'ania* linakuwa *aling*, kibainishi, *ang*, kibainishi, *ania*: vipande vitano kwa uchache. *Kumng'oa* linakuwa vitatu. Ukijumlisha na nukta ya mwisho, sentensi ya maneno tisa tayari ina mafungu 16, na hapo *kibanda* na *walipokuja* bado hayajaguswa. Hayo nayo hayamo kwenye orodha ya Kiingereza, kwa hiyo yatakatwa tena.

Neno lililosalimika ni *pale*. Lina kipande chake kamili kwa sababu Waingereza wana neno linaloandikwa hivyohivyo, lenye maana ya kitu kilichofifia rangi. *Wake* nalo liko hivyo, kwao ni kuamka. Modeli inayapokea maneno hayo kama wageni inaowafahamu, kumbe ni watu wengine kabisa.

Usikubali maneno yangu tu, jionee mwenyewe. Huu ndio msimbo nilioutumia:

```python
import torch
from transformers import AutoTokenizer, AutoModelForCausalLM

jina = "gpt2"
tok = AutoTokenizer.from_pretrained(jina)
mod = AutoModelForCausalLM.from_pretrained(jina).eval()

def pima(matini):
    ids = tok(tok.bos_token + matini,
              return_tensors="pt").input_ids[:, :1024]
    with torch.no_grad():
        lp = mod(ids).logits[0, :-1].log_softmax(-1)
    s = -lp.gather(1, ids[0, 1:, None]).squeeze(1)
    return ids[0, 1:], s

ids, s = pima("Nyanya aling'ang'ania kibanda chake.")
for i, x in zip(ids, s):
    print(repr(tok.decode([int(i)])), round(x.item(), 2))
```

Kila mstari unaochapishwa una kipande na mshangao wake. Mshangao huo ni logi asilia ya uwezekano, ikiwa imegeuzwa kuwa chanya. Kipande ambacho modeli ilikipa nafasi moja kati ya mbili kina mshangao wa 0.69. Nafasi moja kati ya 20 ni kama 3, na moja kati ya 1,000 ni kama 6.9. Pepleksiti hupatikana kwa kujumlisha mishangao yote, kugawanya kwa idadi ya vipande, kisha kupandisha *e* kwa jibu hilo. Tatizo letu lote limekaa kwenye hicho kigawanyo.

Dalili ya kwanza: maandishi ya mtu yanaitwa ya mashine

Hiki ndicho kilichompata binti kwenye kigunduzi cha pili, na ndiyo dalili inayoumiza watu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua aya ya Kiswahili yenye maneno 20, na tuseme mshangao wake wote ukijumlishwa ni 120. Hizi ni hesabu za mfano, nimezichagua ziwe rahisi. Kama programu moja imeikata aya vipande 26, wastani ni 4.6 kwa kipande na pepleksiti ni kama 101. Kama nyingine imeikata vipande 60, wastani ni 2 na pepleksiti inaporomoka hadi 7.4. Hakuna aliyebadilisha aya, na modeli zote mbili zimeshangaa kiasi kilekile. Mshangao uleule umegawanywa kwa wengi zaidi, basi kila mmoja amepata kidogo. Kizingiti kikiwa 20, mwandishi yuleyule ni mtu kwa hesabu ya kwanza na mashine kwa hesabu ya pili.

Kwenye modeli halisi jumla haitalingana hivyo sawasawa, lakini mwelekeo ndio huo, hasa kwa modeli inayokijua Kiswahili kiasi lakini bado inakikata vidogo vidogo. Sababu iko kwenye umbo la kitenzi chetu. Ukishaandika *wa-*, nafasi inayofuata ina wageni wachache: *na, li, ta, me, ki, nge* na wenzao. Baada ya hapo huja kiambishi cha mtendwa, nacho kiko kwenye orodha fupi. Ukifika *walituamb-*, herufi za kumalizia zinajulikana na kila mtu. Programu ya kukata haifuati mipaka hii ya viambishi, mara nyingi inakata katikati yake, lakini matokeo yanafanana: uamuzi mgumu uko mwanzoni mwa neno na kwenye mzizi, na vipande vya mkiani vinakuja karibu bure. Mshangao wake unakaribia sifuri. Vipande hivyo vya bure vinaingia kwenye wastani vikiwa na uzito sawa na vile vigumu, na vinaushusha.

Namna ya kutambua kwamba hili ndilo tatizo: chapisha mishangao kwa msimbo ule, ukiweka `bigscience/bloom-560m` mahali pa `gpt2`. BLOOM ni modeli ya mwaka 2022 ambayo Kiswahili kimo kati ya lugha zake, ijapokuwa kwa sehemu ndogo sana. Tazama safu ya namba. Ukiona mwendo wa juu, chini, chini, juu, chini, chini, na kila "juu" iko mwanzo wa neno, umelipata. Wastani wako unajengwa na mikia.

Dawa ni kugawanya kwa kitu kisichotegemea programu ya kukata. Maneno ni chaguo moja, herufi ni jingine:

```python
ids, s = pima(matini)
kwa_kipande = s.mean().item()
kwa_neno = s.sum().item() / len(matini.split())
kwa_herufi = s.sum().item() / len(matini)
```

Kwenye aya yetu ya mfano, mshangao kwa neno ni 6 kwa programu zote mbili, na ile tofauti ya 101 na 7.4 inapotea. Mimi hupendelea kugawanya kwa herufi ninapolinganisha Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu neno moja la Kiswahili hubeba mzigo wa maneno matatu manne ya Kiingereza. *Hawakutuambia* si neno moja kwa maana wanayoielewa wao. Ukigawanya kwa neno, Kiswahili kitaonekana cha kushangaza kupita kiasi, nawe utakuwa umehamisha kosa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Unapolinganisha Kiswahili kwa Kiswahili, kwa neno inatosha.

Dalili ya pili: kila kitu kinaitwa cha binadamu, hata kilichoandikwa na mashine

Hapa ndipo kilipo kigunduzi cha kwanza, kilichomwachilia binti. Mwalimu alifurahi kupata angalau jibu moja jema, lakini jibu hilo halina thamani yoyote zaidi ya lile la pili.

Modeli iliyolelewa kwa Kiingereza inapokutana na mwanzo wa neno kama *haw* inatazamia mwendelezo wa Kiingereza. Badala yake inapata vipande ambavyo haijawahi kuviona vikifuatana. Inashangaa. Inashangaa tena kwenye kipande kinachofuata. Hakuna mikia ya bure hapa, kwa sababu ili mkia uwe wa bure lazima ujue neno. Wastani unapanda juu ya kizingiti chochote kilichowekwa kwa Kiingereza, na kila matini ya Kiswahili inapita kama ya mtu.

Kwa hiyo kukatwa vipande vingi kunasukuma pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa modeli inayojua lugha kidogo, kunashusha alama. Kwa modeli isiyoijua, kila mkato ni nafasi nyingine ya kushangaa. Upande upi utashinda hutegemea modeli iliyo ndani ya kigunduzi, na chombo cha biashara hakikuonyeshi modeli yake.

Bado unaweza kukipima kutoka nje. Chukua aya ya Kiswahili, changanya mpangilio wa maneno ovyo, kisha uipitishe tena. *Kibanda walipokuja nyanya pale hata chake.* Msomaji yeyote wa Kiswahili ataona ni vurugu. Modeli inayokijua Kiswahili nayo itaona, na mshangao utaruka juu. Kama alama inasogea kidogo tu, kilichokuwa kinapimwa si uandishi. Fanya hivyohivyo na aya ya Kiingereza ili uone mruko wa kweli unafananaje. Kwa msimbo wetu linganisha `s.sum()` ya kabla na ya baada. Kwa chombo cha mtandaoni tazama asilimia, lakini uchague aya ambayo alama yake haijafika ukingoni, maana iliyo kwenye 0 au 100 haina pa kusogea.

Kukibadilisha kigawanyo hakuponyi dalili hii. Ukigawanya kwa herufi, kwa neno au kwa kurasa, modeli bado haijui lugha. Kuna vigunduzi, kama Binoculars cha mwaka 2024, vinavyotumia uwiano wa vipimo viwili kutoka modeli mbili zenye programu moja ya kukata. Pale idadi ya vipande iko juu na chini ya mstari wa sehemu, kwa hiyo inajifuta, na huo ni ufundi mzuri. Ujinga wa lugha haujifuti. Modeli mbili zisizojua Kiswahili hazifanyi moja inayokijua.

Dalili ya tatu: alama inabadilika ukikata insha katikati

Mwalimu alijaribu kupitisha nusu ya kwanza ya insha peke yake, akapata jibu jingine. Hii ina sababu mbili.

Ya kwanza ni dirisha. GPT-2 husoma vipande 1,024 kwa mara moja na si zaidi. Insha ya KCSE huwa na maneno kama 400. Ikikatwa vipande vitatu kwa neno hiyo ni 1,200, na maneno kama 60 ya mwisho hayasomwi kabisa, au yanasomwa kwenye dirisha jipya ambalo halikumbuki lolote la nyuma. Insha ya Kiingereza ya urefu uleule ingeingia yote na nafasi ikabaki. Angalia `len(ids)`: kama ni 1,023 kamili, huenda matini imekatwa, na mgawanyo wako kwa maneno pia umeharibika, kwa sababu unagawanya kwa maneno ambayo hayakupimwa. Pima kwa aya, kila aya peke yake, kisha jumlisha mishangao na idadi ya herufi.

Ya pili ni kwamba modeli hujifunza ikiwa njiani. *Marikiti* ya kwanza inaishangaza. Ya tano haishangazi, kwa sababu modeli inanakili vipande kutoka juu ya ukurasa. Neno likiwa na vipande vinne, kinachobaki kigumu ni cha kwanza, na vitatu vinavyofuata ni nakala. Ndiyo maana insha ndefu inayorudia majina na istilahi hushuka alama kadiri inavyoendelea, na kwa Kiswahili inashuka haraka kuliko kwa Kiingereza, maana kila marudio yanaleta vipande vingi vya bure. Linganisha matini za urefu unaokaribiana tu.

Dalili ya nne: jibu linabadilika baada ya kunakili kutoka programu nyingine

Hii ni fupi lakini imenipotezea saa nyingi. Programu za kuandikia barua hupenda kugeuza kibainishi kilichonyooka kuwa kilichojikunja. Kwa macho yako *ng'ombe* ni *ng'ombe*. Kwa modeli ni alama mbili tofauti, zenye vipande tofauti na historia tofauti. Insha yenye *ng'* nyingi inaweza kusogea kwa ajili hiyo pekee. Sawazisha kabla ya kupima:

```python
matini = matini.replace("\u2019", "'").replace("\u2018", "'")
```

Nafasi mbili mfululizo na mistari iliyovunjwa ovyo ina madhara ya aina hiyohiyo. Na kama insha ina nukuu ya Kiingereza ndani yake, iondoe kwanza. Vigunduzi vingine hupima pia jinsi mshangao unavyoyumba kutoka sentensi hadi sentensi, na kurukia lugha nyingine kunaleta kuyumba ambako hakuna uhusiano na nani aliandika.

Ukisharekebisha yote, kizingiti kinatoka wapi?

Baada ya kusawazisha vibainishi, kupima kwa aya, kutumia modeli inayokijua Kiswahili kwa kiasi fulani na kugawanya kwa herufi, una namba safi. Kizingiti bado huna. Kile cha Kiingereza hakifai, kwa sababu herufi za lugha mbili hazibebi uzito sawa.

Nilimwomba mwalimu anipe insha za zamani zilizoandikwa kwa mkono, za kabla ya Novemba 2022 ambapo ChatGPT ilitolewa. Tulizichapa wenyewe. Magazeti ya zamani yangekuwa rahisi kupata, lakini yaliyoko mtandaoni huenda modeli imekwisha kuyasoma, na matini iliyokwisha kusomwa haishangazi. Pia mwandishi wa gazeti haandiki kama mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ukipima watoto kwa rula ya wahariri, hata namba safi itakudanganya.

Tulipozipanga insha hizo kutoka mshangao mdogo hadi mkubwa, ile ya binti ilikaa kati ya wenzake wa miaka iliyopita, si mkiani. Hilo halithibitishi kwamba aliiandika yeye. Linaonyesha tu kwamba namba iliyomfikisha ofisini haikuwa na kitu ndani yake.

Mwalimu akauliza swali ambalo ningetaka kila shule iulize: basi tuweke mstari wapi? Tukapiga hesabu pamoja. Ukiweka mstari mahali ambapo insha tano kati ya 100 za zamani zinaanguka chini yake, insha ambazo unajua kwa hakika ziliandikwa na watoto, basi katika darasa lake la wanafunzi 45 atarajie kuwaita wawili wasio na kosa kila anapotoa zoezi. Ukiushusha mstari ili usimguse asiye na kosa, utawapita pia wengi walionakili. Akaitazama ile orodha ya namba kwa muda, akafunga kompyuta, akamwita binti na kumuuliza kibanda cha nyanya kiko upande gani wa Marikiti.